Kazi mbili Upwork kwa akaunti moja: tafsiri na kuhariri video

Mambo zenu, karibuni tena. Leo nawaonyesha mimi nafanyaje kwenye Upwork, ule mtandao wa kutafutia wateja wa kazi za mtandaoni, maana natafsiri Kiingereza-Kiswahili na pia nahariri video, na wateja wa huku hawana habari na wale wa kule. Feni ikisikika mnisamehe, Mwanza leo joto.

Kitu cha kwanza kabisa, usifungue akaunti ya pili. Upwork ni mtu mmoja akaunti moja, wakikukuta na mbili wanaweza kukufungia zote, na hela yako imo humo. Unachotumia ni hii hapa, ndani ya akaunti yako ileile, wanaiita Specialized profile. Unaruhusiwa mbili, juu ya ile profaili yako ya kawaida.

Sasa kabla hujabonyeza chochote jiulize hivi, mteja anayenunua hii kazi, na ile nyingine huwa anaitaka? Mimi mtu akinipa tafsiri ya maneno ya video, mara nyingi anataka na manukuu ya chini ya skrini. Huyo ni mteja mmoja, kwa hiyo tafsiri na manukuu nimeziweka profaili moja, kuzitenganisha ni kujichosha. Ila anayetafuta mtu wa kukata video za Yutubu hana shida na mkataba niliotafsiri. Hao ni watu wawili, basi profaili mbili.

Zamani kichwa cha profaili yangu kilisomeka hivi, msicheke: Translator, Video Editor, Data Entry, Virtual Assistant. Duka la mangi, kuanzia chumvi mpaka betri. Mtu anatafuta mtafsiri anakutana na hicho, anapita zake. Na kwenye utafutaji, nafasi ya kichwa ni herufi 70 tu, ukizigawa kwa kazi nne kila moja inabaki na neno moja la jumla ambalo kila mtu analo.

Haya, tengeneza mpya, chagua fani, jaza... hii mnaijua, naruka. Mpaka hapa kwenye kichwa. Cha tafsiri naandika English to Swahili Translator, Health & Legal. Cha video, Video Editor for YouTube Talking-Head Videos. Maelezo pia andika upya, usikopi. Mistari miwili ya mwanzo ndiyo mteja anaiona kabla hajafungua, kwa hiyo kwenye profaili ya video neno tafsiri lisionekane pale juu kabisa. Bei nayo kila profaili na yake, mimi tafsiri dola 18 kwa saa, video dola 14 kwa sababu bado najenga jina huko.

Ngoja, skrini imeganda. Bando hili jamani... haya imerudi.

Sasa sikilizeni hapa, hapa ndipo nilipoungua. Ukienda kutuma ombi la kazi, juu kuna sehemu imeandikwa Propose with a Specialized profile. Unaiona? Hiyo unaichagua MWENYEWE, kila ombi. Mimi niliomba kazi ya kutafsiri vipeperushi vya kliniki, barua nzuri kabisa, halafu ikaenda na profaili ya video. Mteja akanijibu kwa upole kwamba anatafuta mtafsiri. Konekti zangu, zile tokeni za kuombea kazi, zikaenda na maji. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua, angalia profaili. Ukimaliza barua, panda juu uangalie tena. Mi siku hizi nasoma kwa sauti kabisa, "tafsiri", ndo nabonyeza tuma.

Ee na kuna kitu watu hawasemi. Profaili zinatengana lakini zile alama za mafanikio, Job Success Score, ni za akaunti nzima. Jina, picha, nchi, vyote vilevile. Ukiharibu harusi ya mtu kwenye video, asilimia inashuka na mtafsiri naye anaonekana mzembe. Ndo maana fani mpya nilianza na kazi ndogondogo, video za dakika 3, sio kuvamia filamu. Na usidhani utamficha mteja, akizungukazunguka kwenye profaili yako ataona una kazi nyingine, hiyo sio siri wala sio kosa, wewe unachopanga ni aone nini kwanza.

Mwisho, bonyeza See Public View uone kama mteja anavyoona. Fungua ya video, tazama sampuli za kazi... eti jamani, mnaona? Cheti changu cha tafsiri kimekaa kwenye sampuli za video. Nilisahau kukitoa, na ndo nafundisha. Natoa hapa hapa mkiona, hifadhi, haya. Nendeni mkakague za kwenu, hasa sampuli.