Fremu ambazo kamera haikupiga: kutoka 30 hadi 60

KASSIM: Karibuni tena. Mimi ni Kassim, niko na dada Rehema, na leo tunalijibu swali la msikilizaji anayerekodi mechi za mtaani. Ana kamera mbili, moja inapiga fremu 60 kwa sekunde, nyingine 30. Anataka zote ziwe 60. Rehema, si abonyeze tu kitufe?

REHEMA: Kitufe kipo, lakini kwanza ajue kinafanya nini. Kwenye video ya fremu 30, kila fremu imeachana na mwenzake kwa milisekunde 33 hivi. Ukitaka 60 inabidi upachike fremu moja katikati ya kila pengo. Mechi ya dakika kumi ina fremu 18,000, ukimaliza una 36,000. Yaani nusu ya video yako haikupigwa na kamera yoyote. Programu imekisia.

KASSIM: Inakisia vipi?

REHEMA: Tuchukue kichujio cha `minterpolate` ndani ya programu ya video ya `ffmpeg`, kwa sababu ni cha bure na mipangilio yake iko wazi. Kinaikata picha vipande vya mraba, kwa kawaida pikseli 16 kwa 16. Kila kipande kinatafutiwa mahali kilipohamia kati ya fremu ya kwanza na ya pili. Kikishapata, kinakichora nusu ya safari. Kwa mchezaji anayekimbia taratibu na kamera imetulia, matokeo ni mazuri kweli.

KASSIM: Na mpira?

REHEMA: Hapo ndipo pa kukaa. Mpira uliopigwa kwa mita 20 kwa sekunde, na hilo ni shuti la kawaida tu, ndani ya pengo la fremu moja unasafiri sentimita 67. Mpira wenyewe una kipenyo cha sentimita 22. Kwa hiyo kati ya fremu na fremu umeruka mara tatu ya upana wake. Tuseme umepiga picha pana, mpira unachukua pikseli 12. Utaruka pikseli 36.

KASSIM: Kumbe ni mdogo kuliko kipande chenyewe.

REHEMA: Ndiyo hapo sasa. Kipande kina pikseli 256. Mpira wa pikseli 12, hata ukibahatika kukaa wote ndani ya kipande kimoja, unachukua pikseli 113 hivi. Zilizobaki ni nyasi. Kipande kinaamua kilikoenda kama watu wanaopiga kura, na nyasi ndizo zenye wingi. Nyasi hazijasogea, basi kipande kizima kinatangazwa hakijasogea.

KASSIM: Halafu mpira unapotea?

REHEMA: Afadhali ungepotea. Programu ikiamini hakuna kilichosogea, inachanganya fremu ya nyuma na ya mbele pale pale. Unapata mipira miwili iliyofifia, mmoja ulikotoka na mwingine ulikokwenda, na katikati, mahali mpira ulipotakiwa kuwa, nyasi tupu. Kisha fremu halisi inayofuata mpira ni mzima, halafu unafifia tena. Kwenye skrini unauona unawaka na kuzima mara 30 kwa sekunde.

KASSIM: Nimewahi kuona hiyo, nikadhani ni skrini yangu. Sasa si nipunguze ukubwa wa vipande? Niweke 8 badala ya 16?

REHEMA: Unaweza, `mb_size=8`. Mpira utapata kura nyingi zaidi. Ila kipande kidogo kina habari kidogo, kinafanana na vipande vingine vingi uwanjani. Utaona nyasi zinaanza kuchemka, viraka vinaenda huku na huku. Ukiongeza na umbali wa kutafuta, `search_param`, ambao kwa kawaida ni 32, unaongeza mahali pa kupata mshirika wa uongo. Na muda nao unapanda, wakati kichujio hiki tangu mwanzo ni kizito mno.

KASSIM: Uzio wa nondo nyuma ya goli, je? Maana mimi nikizungusha kamera kumfuata winga, huo ndio unaoniharibia.

REHEMA: Uzio ni kesi ninayoipenda kwa sababu unaweza kuihesabu kwenye karatasi. Nondo zimeachana pikseli 20. Umezungusha kamera, uzio umesogea pikseli 18 kwa fremu. Sasa programu inatazama nondo moja na kuuliza: imetoka wapi? Jibu la kweli ni pikseli 18 upande huu. Lakini nondo ya jirani, iliyo sawa nayo kwa kila kitu, iko pikseli 2 tu upande wa pili. Zote mbili zinafaa, na programu huelekea kupendelea mwendo mdogo.

KASSIM: Kwa hiyo inasema uzio umerudi nyuma kidogo.

REHEMA: Pikseli 2 kinyume. Fremu ya katikati ilitakiwa uzio uwe umeenda pikseli 9. Badala yake imeuweka nyuma kwa pikseli 1. Tofauti ni 10, nusu kamili ya nafasi ya nondo na nondo. Yaani kila nondo imechorwa pale penye uwazi! Ndiyo maana uzio unatetemeka vile. Ukizungusha kamera taratibu zaidi, uzio usogee pikseli 5 au 6 tu, kosa hilo halitokei. Nyavu, ngazi za jukwaani, jezi za mistari, ni habari hiyo hiyo.

KASSIM: Na ule ukungu kuzunguka wachezaji?

REHEMA: Huo ni kwa sababu mchezaji akipita mbele ya bango, kuna sehemu ya bango inayoonekana kwenye fremu moja tu. Kwenye nyingine ameiziba. Haina pa kulinganishwa, programu inajazia kwa ilichonacho, na ukingo wa mguu unavutwa kama mpira wa manati. `vsbmc=1` inasaidia kidogo, inagawanya vipande kuwa vidogo mipakani pekee. Kidogo, nasisitiza.

KASSIM: Tumpe msikilizaji amri ya kuanzia.

REHEMA: Kwanza apime video yake ina kasi gani hasa. Nyingi zinazoitwa 30 ni 30000/1001, yaani 29.97:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=r_frame_rate,avg_frame_rate -of default=nw=1 mechi.mp4
```

Namba mbili zikitofautiana, simu yake ilikuwa inabadilisha kasi njiani, jambo la kawaida mwanga ukipungua. Akiona 30000/1001 pote, basi lengo lake liwe 60000/1001, asiandike 60.

KASSIM: Tofauti ya hizo mbili ni ndogo mno, bwana. Nani ataiona?

REHEMA: Jicho halioni tofauti ya kasi. Linaona matokeo. Ukilenga mara mbili kamili, kila fremu ya pili inanakiliwa kutoka kwenye video yako bila kuguswa. Ukilenga 60 huku chanzo ni 29.97, nyakati zinaanza kuachana, milisekunde moja kila sekunde. Baada ya sekunde nane hivi, fremu zote mbili za kila pengo zinaangukia robo na robo tatu ya njia. Hakuna halisi hata moja. Umejitengenezea makosa mara mbili.

KASSIM: Haya, hiyo nimeikubali.

REHEMA: Halafu asichakate mechi nzima. Achague sekunde kumi zenye vurugu, kona kwa mfano:

```
ffmpeg -ss 00:04:10 -t 10 -i mechi.mp4 -vf "minterpolate=fps=60000/1001:mi_mode=mci:mc_mode=aobmc:me_mode=bilat:vsbmc=1" -c:v libx264 -crf 16 jaribio.mp4
```

KASSIM: Anaikaguaje? Maana ikichezeshwa kwa kasi yake macho yanadanganyika.

REHEMA: Aifungue kwenye kicheza video cha `mpv`, asimamishe, abonyeze kitufe cha nukta kusogea fremu moja moja. Ataona mfuatano: moja kali, moja laini, moja kali, moja laini. Zile laini ndizo za kuundwa, azitazame hizo tu. Mpira, vidole, miguu inapopishana, halafu uzio. Na maandishi ya matokeo kwenye kona ya skrini, kama alishayaweka.

KASSIM: Maandishi yana shida gani, si yamesimama?

REHEMA: Yamesimama, lakini nyuma yake uwanja unakimbia. Kipande chenye herufi nyembamba na uwanja mwingi kinafuata uwanja. Herufi zinapinda na kurudi. Dawa yake ni rahisi: ongeza fremu kwanza, maandishi na nembo viwekwe mwisho kabisa.

KASSIM: Na pale ninapokata kutoka kamera moja kwenda nyingine?

REHEMA: Programu ina kigunduzi cha mkato, ikiugundua inarudia fremu badala ya kuunda. Lakini picha moja ikiyeyuka taratibu kuwa nyingine hakioni. Ndiyo maana nasema uongezaji ufanyike kwenye klipu mbichi, kabla ya kukata chochote. Mechi za usiku nazo zina lake: taa zikipepesa, kung'aa kwa picha kunabadilika, na programu inadhani vitu vimehama. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo shata ya 1/50 au 1/100 inaondoa sehemu kubwa ya tatizo, ila hiyo ni siku ya kurekodi, si baada.

KASSIM: Ungekuwa wewe, Rehema, ungefanyaje na kamera ile ya 30?

REHEMA: Ningerudia kila fremu mara mbili. Basi.

KASSIM: Baada ya maneno yote haya?

REHEMA: Eeh. Kwa mechi, ndiyo. Kurudia hakuundi kosa lolote, video inabaki 30 machoni ndani ya mradi wa 60. Hata kukisia kukienda vizuri, ule ukungu wa mwendo uliorekodiwa na shata ya fremu 30 unabaki ule ule, kwa hiyo haitafanana sawasawa na ile kamera iliyopiga 60. Kukisia ningekuachia kwenye picha za kamera inayozunguka polepole juu ya mashabiki, au timu zinaingia uwanjani. Shuti la golini siligusi.

KASSIM: Na kama klipu moja ni nzuri isipokuwa sekunde mbili za katikati?

REHEMA: Weka matoleo mawili kwenye mradi, moja juu ya jingine: lililoundwa juu, lililorudiwa chini. Pale palipoharibika, kata la juu. Yote mawili yawe na fps ile ile, 60000/1001, na yaanze fremu moja, la sivyo kwenye mkato mchezaji ataruka. Na ukague sauti kabla ya kusafirisha, maana kichujio hiki kinaweza kula fremu chache mwishoni mwa klipu.