Mkimbiaji aliyezembea anapoonekana ana kasi zaidi
(Mhadhara kwa makocha wa riadha, Arusha)

Habari za asubuhi, ndugu zangu makocha. Wengi wenu mmeshanisikia nikilia na jambo hili, na leo nitalia nalo tena, kwa sababu bado naona vijana wanapangiwa mwendo kutokana na jaribio moja bovu.

Kasi ya kikomo mnaijua: ni ile ambayo ukiipita, mwili hautulii tena, na unaanza kula akiba. Akiba hiyo tunaipima kwa mita. Mkimbiaji akikimbia kwa nguvu zake zote, umbali wake ni kasi ya kikomo mara muda, ukijumlisha akiba. Kwa hiyo majaribio mawili yanatosha kuipata: toa umbali mfupi kwenye mrefu, toa muda mfupi kwenye mrefu, kisha gawanya.

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa na binti mmoja wa mbio za mita 5,000. Jumanne alikimbia mita 1200 kwa dakika 3:50, Alhamisi mita 3600 kwa 12:20. Tofauti ni mita 2400 kwa sekunde 510, yaani mita 4.71 kwa sekunde, karibu 3:32 kwa kilomita. Nikampangia kilomita moja mara sita kwa mwendo huo, mapumziko dakika moja. Ya tano ikamshinda, ya sita akaimaliza kwa 3:45. Nikamlaumu yeye. Nilikosea, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye karatasi yangu.

Nilirudi kwenye mizunguko ya ile Jumanne: sekunde 82, 78, 70. Mtu anayemaliza mzunguko wa mwisho kwa sekunde 12 chini ya ule wa kwanza hajakimbia kwa nguvu zake zote, aliogopa kuanza. Wiki iliyofuata nikamrudisha uwanjani, akakimbia 73, 74, 73. Jumla 3:40. Ile 3600 ilikuwa safi, tukaiacha. Hesabu ikawa mita 2400 kwa sekunde 520: mita 4.615 kwa sekunde, karibu 3:37 kwa kilomita.

Mmeona? Alipozembea kwenye mbio fupi, hesabu ilimpa kasi *kubwa* zaidi. Muda mfupi ukirefuka, tofauti ya muda inapungua, na kasi inapanda. Kinachoshuka ni akiba: kutoka mita 185 hadi 118. Akizembea kwenye ile ndefu, kinyume chake: kasi inashuka na akiba inavimba.

Najua mtaniuliza, sasa nani atagundua, kama karatasi inaonyesha namba nzuri? Ndiyo maana nang'ang'ania jaribio la tatu. Nukta mbili daima huungana kwa mstari ulionyooka, hata zikiwa za uongo. Ongeza mita 2400. Binti yule alizikimbia kwa dakika 8:00 kamili. Angalieni: kutoka 1200 hadi 2400 ni sekunde 260, na kutoka 2400 hadi 3600 ni sekunde 260. Zimelingana, namwamini. Kwa ile 3:50 ya kwanza ingekuwa 250 kisha 260, na hapo ningejua pa kurudi kabla sijamvunja mtoto wa watu moyo. Kupishana kwa sekunde moja au mbili hakunisumbui. Kumi ni nyingi.

Majaribio hayo yafanyike siku tofauti, njia ya ndani ya uwanja, mtu mmoja ashike saa. Mnaosema saa ya mkononi ya setilaiti inatosha, kwenye kona za uwanja saa hiyo hukosea mita, na sisi hapa tunagombania sekunde.

Kwenye kupanga mwendo nitakwenda haraka. Kwa vipande virefu vya mazoezi simpeleki kwenye 3:37 yenyewe. Kipimo chetu kina kosa lake, na kosa likielekea juu anakula akiba bila sisi kujua. Nampa asilimia 97, yaani karibu 3:43, mzunguko wa sekunde 89. Kwa vipande vikali hesabu ni ya akiba. Kilomita moja kwa mizunguko ya sekunde 82 inachukua sekunde 205. Kwa kasi ya kikomo muda huo ungempa mita 946, kwa hiyo amekula mita 54. Vipande vitatu bila mapumziko ya kutosha ni mita 162 kati ya 185. Cha nne msimdai.

Kuhusu mapumziko, akiba hurudi kwa kasi tofauti kwa kila mtu, na muda tulionao hautoshi. Mbio nyepesi leo sizizungumzii kabisa.

La mwisho, kwa wanaofundisha Moshi na kuleta vijana hapa: Arusha iko juu zaidi. Msichukue 1200 ya kule na 3600 ya huku mkazitia kwenye hesabu moja. Na kijana akishuka kwenda kushindana Dar es Salaam, namba ya hapa ni ya hapa.

Waliokuja na vijana, kesho saa kumi na mbili asubuhi tukutane uwanjani. Tutaanza na mita 1200, na nitataka muda wa kila mzunguko uandikwe.