Unameza vidonge vya damu huku damu yenyewe bado inamwagika

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Naanza na lile lile ninalolipigia kelele kila nikipewa maiki. Mwanamke anatokwa damu nyingi kila mwezi, anaenda kituo cha afya, anaandikiwa vidonge vya kuongeza damu, anarudi nyumbani, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza hiyo damu inatoka kiasi gani. Miezi mitatu baadaye karudi na damu ile ile kidogo, anaambiwa hali vizuri, akale matembele na maini. Jamani huko ni kujaza ndoo iliyotoboka alafu unamgombeza mwenye ndoo!

Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi, miaka 34, watoto wawili, nimebadilisha mambo kidogo asijulikane. Wala hakuja kwa ajili ya hedhi, alikuja kwa sababu moyo unamwenda mbio akipanda ngazi na nywele zinakatika. Namuuliza siku zako zikoje, anasema kawaida tu dokta. Kila mtu anasema kawaida, ndo maana mimi siulizi hivyo nikaishia hapo. Nikamuuliza, siku ya pili unabadilisha pedi baada ya muda gani? Kila saa moja na nusu hivi. Usiku je? Anavaa mbili na anakunja khanga anatandika chini. Mabonge yapo? Yapo, makubwa kuliko kizibo cha soda. Zinaisha baada ya siku ngapi? Nane. Siku ya pili na ya tatu anafundisha amekaa, na sketi nyeusi tu. Sasa hiyo ni kawaida ya nani? Alafu akafungua pochi atoe kadi yake, nikaona udongo pemba kaufunga kwenye kipande cha gazeti. Hana mimba, tumempima. Ile hamu ya udongo, au ya kutafuna barafu au mchele mbichi, kwa mwanamke asiye na mimba mara nyingi ni mwili umeishiwa madini ya chuma.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema mama yangu alikuwa hivyo hivyo, bibi naye, kwetu ndo tulivyo. Basi kama ni ya ukoo ndo tuulizie zaidi, maana upo ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri, na dalili zake ni hedhi nzito tangu ile ya kwanza kabisa, kutokwa damu puani mara kwa mara, ukingʼolewa jino damu inagoma kukata. Binti wa namna hiyo msimwambie avumilie, mleteni apimwe.

Turudi kwa mwalimu. Mwaka uliopita alishapimwa HB, yaani wingi wa damu, ikatoka 12.3 akaambiwa yuko vizuri, kwa sababu mpaka wa Shirika la Afya Duniani kwa mwanamke asiye na mimba ni 12. Hapa ndo pananiuma. HB ni ya mwisho kushuka. Mwili una stoo ya chuma, unachota humo miezi na miezi kutengeneza damu, na stoo ikikauka ndo HB inaanza kuporomoka. Stoo unaijua kwa kipimo cha feritini. Tulipompima, HB 11.8, yaani imeteleza kidogo tu, lakini feritini ni 6! Chini ya 15 ni upungufu usio na ubishi, na madaktari wengi tunaanza tiba ikiwa chini ya 30. Ila feritini hupanda ukiwa na maambukizi, kwa hiyo ukipimwa una malaria ikaonekana nzuri, usiitegemee.

Hesabu yake ni rahisi. Mililita moja ya damu ina kama nusu miligramu ya chuma. Mtu wa kupoteza mililita 120 kwa hedhi moja anapoteza miligramu 60. Kwenye chakula mwili unafyonza miligramu moja au mbili kwa siku, na hapo kuna nyingine inapotea kila siku kwa ngozi na utumbo. Hata ale matembele bustani nzima, hafiki.

Kwa hiyo tunaziba kwanza. Mwalimu alikuwa anatafuta mtoto wa tatu, dawa nyingi za homoni zingemzuia kushika mimba, tukampiga ultrasaundi hakuna uvimbe kwenye kizazi, tukampa traneksamiki. Hii dawa waliigundua Wajapani wawili, mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, mwaka 1962. Inavyofanya kazi ni hivi: damu inapoganda kuziba vile vimishipa vya kizazi, mwili unatuma kimengʼenya kije kiyeyushe nyuzi za lile bonge, na kwa wenye hedhi nzito huko kuyeyusha mara nyingi kunazidi. Traneksamiki inakaa pale pale ambapo kimengʼenya kingezishika nyuzi, kinakosa pa kushika, bonge linadumu. Haigandishi damu upya, inalinda ile iliyokwisha kuganda.

Vidonge ni vya miligramu 500. Ni viwili mara tatu kwa siku, unaanza siku damu inapokuwa nzito, siku zisizozidi nne, basi, unaacha mpaka mwezi ujao. Wanaosema haikunisaidia, ukiwauliza, alikuwa anameza kimoja usiku, au alianza siku ya tano damu imeshamwagika yote. Ukiitumia sawasawa damu hupungua kwa karibu nusu kwa wengi, haikati kabisa, na haizuii mimba wala haimsumbui anayetafuta. Ila aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu asiiguse, mwenye kifafa amwambie daktari kwanza, mwenye figo mbovu anapunguziwa dozi, na anayemeza vidonge vya majira asichanganye bila kuuliza.

Pamoja na hiyo alimeza kidonge kimoja cha chuma kwa siku, mbali na chai, chai inazuia chuma kufyonzwa. Hamu ya udongo ndo ilianza kuondoka. Baada ya miezi miwili HB 12.9, akataka kuacha vidonge, nikamkatalia, feritini ilikuwa 14 tu. HB ikishakaa sawa unaendelea miezi mitatu kujaza stoo.

Muda umekwisha naona, homoni niende haraka. Asiyetafuta mimba, dawa inayopunguza damu kuliko zote ni kitanzi cha homoni, kinaufanya ukuta wa kizazi uwe mwembamba kwa hiyo kinachomwagika ni kidogo, ila miezi mitatu hadi sita ya mwanzo unapata matone matone yasiyo na mpangilio, usikitoe kwa hasira. Na msikichanganye na lupu ya kopa! Ile haina homoni na inaweza kuongeza damu, ukiambiwa kitanzi uliza ni kipi. Vidonge vya majira na sindano vinasaidia pia, vyote muulizane na daktari.

Wa kupima: kila mwenye hedhi nzito apime HB, asisubiri kizunguzungu, na kama imekaa vizuri lakini umechoka au unatamani udongo, omba na feritini. Ukilowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, ukizimia, au ukihema ukiwa umekaa, ni hospitali usiku huo huo. Na aliyevuka miaka 45 hedhi ikabadilika, au anayetokwa damu katikati ya mwezi au baada ya tendo, huyo achunguzwe kizazi na mlango wake kwanza, traneksamiki ya duka la dawa isije ikaficha kitu.