Sahani moja shingapi? Bei ya chakula cha sendofu

BENI: Karibuni tena jamani. Mi fundi bomba, mwenzangu hapa dada Salma anapika kwenye shughuli hapa Dar. Dada, leo tuongelee ile sendofu ya watu 200.

SALMA: Ile bado inaniuma kaka Beni. Mtu wa kamati kanitumia meseji, "sahani moja shingapi?" nami nikajibu hapohapo, 11,000. Pilau, wali mweupe, nyama ya mchuzi, kuku, mboga, tunda, maji na soda. Akakubali, nikashukuru.

BENI: Na hesabu ulikuwa umepiga?

SALMA: Nilipiga ya watu 200. Chakula na vinywaji ilikuwa inaniingia kama 6,000 kwa mtu. Halafu kuna gari la kubeba masufuria, wapishi wawili, wahudumu sita, gesi na mkaa, kukodi vyombo vya kupakulia, hiyo yote laki sita. Kwa hiyo natumia milioni 1.8, napokea milioni 2.2, nabakiwa na laki nne za siku zangu tatu, maana kuna kwenda sokoni, kuandaa, kupika, na kesho yake kuosha na kurudisha vyombo.

BENI: Sio mbaya.

SALMA: Sasa zimebaki siku nne wananiambia tutakuwa 120, ahadi hazijalipwa. Nikasema poa, watu wamepungua na kazi imepungua. Kumbe wapi! Gari ni lilelile, wapishi walewale, vyombo nshalipia, wahudumu nshawaambia. Chakula kilishuka hadi laki saba na ishirini, ila ile laki sita haikushuka hata mia. Jumla milioni 1.32. Na 11,000 mara watu 120 ni shingapi?

BENI: Milioni 1.32. Duh, yaani umepika bure kabisa.

SALMA: Bure. Na bei yenyewe haikuwa ndogo, kosa ni kwamba ile laki sita niliigawa kwa watu 200 wakati sina uhakika kama watakuja.

BENI: Kwangu iko hivyo pia, mtu anauliza kufunga sinki shingapi, nikimtajia bila kuona ukuta nikafika nikakuta bomba la ndani limeoza, hasara yangu.

SALMA: Eeh. Sa hivi nikiulizwa sahani shingapi naanza na maswali, ni lini, ukumbi gani, kuna jiko na maji, na la muhimu kuliko yote, kadi zilizolipiwa ni ngapi? Siulizi mmealika wangapi. Kamati inahesabu ahadi, na si unajua ahadi za michango zilivyo. Wakisema 200 na waliolipa ni 90, hapo nshajua.

BENI: Lakini mtu akiulizwa maswali mengi si atahamia kwa mwingine?

SALMA: Ndo maana simwachi hewani. Namwambia "menyu kama hiyo kwa watu 200 huwa inacheza 10,000 mpaka 12,000, nijibu haya manne nikupe bei kamili leo jioni." Ashajua yuko wapi, hashtuki. Kwenye karatasi naandika 11,000 kwa watu 200, idadi ya mwisho nipewe siku saba kabla, na hata wakipungua malipo hayashuki chini ya watu 180. Kwa 180 bado nabaki na laki tatu. Na advansi asilimia 60, kwa sababu sokoni pekee ni milioni 1.2, nikichukua nusu ntakuwa nawakopesha mimi.

BENI: Na akisema bajeti yetu ni 9,000?

SALMA: Hapo wengi tunajikata wenyewe. Mi sishushi bei, naigusa menyu. Nyama ya mchuzi kwa watu 200 nanunua kilo 25, kilo 12,000, hiyo laki tatu, yaani 1,500 kwa sahani. Namwambia tuitoe nyama ya mchuzi, kuku anabaki, na vinywaji nunueni wenyewe jumla, hiyo ni 700 nyingine. Inakuwa 8,800, kaingia kwenye bajeti na hela yangu haijaguswa. Nikishusha 2,000 hivihivi menyu ikiwa ileile, laki nne yangu yote imeondoka, na yeye anaanza kujiuliza mbona mwanzo nilimtajia 11,000.

BENI: Wanakubali kutoa nyama?

SALMA: Wengine. Wiki iliyopita mmoja kaangalia karatasi akasema hapana mama, nyama ibaki, akarudi mwenyewe kwenye 11,000.