Kizidishi cha Bajeti Pale Kodi Nayo Inapobadilika

Mabibi na mabwana, serikali ikiongeza matumizi yake kwa bilioni 100 na papo hapo ikaongeza kodi kwa bilioni 100, pato la taifa litapanda kwa kiasi gani? Wengi hujibu kwamba halitapanda hata kidogo, kwa kuwa kinachotolewa ndicho kinachochukuliwa. Jibu hilo limekosea, na kosa lenyewe limo katika mzunguko wa kwanza wa fedha.

Tuseme kwamba katika kila 100 zinazoongezeka kwenye kipato baada ya kodi, watu hutumia 80 na kuweka akiba 20; yaani c = 0.8. Serikali inaponunua bidhaa za bilioni 100, mauzo hayo yenyewe ni pato, kisha hufuata 80, halafu 64, na kuendelea, hadi jumla ifike 100/(1 − 0.8) = 500, yaani mara 5 ya kiasi cha kwanza; hiyo 5 ndiyo kizidishi. Kodi haianzii hapo. Bilioni 100 zilizokatwa zisingetumika zote, kwa sababu 20 zingewekwa akiba. Kwa hiyo mnyororo wa kodi unaanzia hasi 80, kisha hasi 64, na jumla yake ni hasi 400. Ukiilaza minyororo hiyo miwili sambamba utaona kila hatua inafutana na mwenzake, isipokuwa zile 100 za mwanzo. Pato linapanda kwa bilioni 100 kamili, na ukiweka c = 0.5 utapata 200 kutoa 100, jibu lile lile. Mnorwe Trygve Haavelmo aliuchambua ukweli huu mwaka 1945.

Hesabu hiyo inahusu kodi ya kiasi maalumu, isiyofuata kipato. Kodi ikiwa asilimia 25 ya kipato, hata kama kiwango hakijaguswa, makusanyo yatapanda pamoja na pato, na kila mzunguko utapungua zaidi: badala ya 0.8 tunabaki na 0.8 × (1 − 0.25) = 0.6. Kizidishi kinashuka kutoka 5 hadi 2.5, na matumizi mapya ya bilioni 100 yanaleta 250, si 500. Kuendelea kutumia 5 hapa ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi katika karatasi za wanafunzi.

Njia ya kujihakiki ni kulinganisha nakisi na akiba. Pato likipanda kwa 250, kodi inaongezeka kwa 62.5, na nakisi kwa 37.5. Wananchi wanabaki na 187.5, na asilimia 20 yake ni 37.5. Zikilingana, hesabu imekaa sawa. Lakini usilitumie jaribio hili bila marekebisho pale sehemu ya matumizi inapoishia kwenye bidhaa za nje.

Kumbukeni pia kwamba lile jibu la kwanza, la pato kupanda kwa bilioni 100 kamili, linadai walipakodi wawe na c sawa na wengine. Wakiwa matajiri ambao wangetumia 50 tu kati ya 100 zilizokatwa, mnyororo wa kodi ungeanzia hasi 50, na mizunguko inayofuata, ikipita kwa wananchi wote kwa 0.8, ingefanya jumla yake kuwa hasi 250. Pato basi lingepanda kwa 250.