Wimbo wa Ntsikana: Kutoka Uhadi Hadi Solfa

NEEMA: Karibuni tena. Leo tuko na Ntsikana, Mkhosa wa Afrika Kusini aliyefariki 1821. Hakujua nota hata moja, lakini utenzi wake, "Ulo Thixo omkhulu", unaimbwa makanisani mpaka leo.

IDI: Na hakufuata mtindo wa wamisionari, dada. Anamwita Mungu ngao ya kweli, ngome ya kweli, msitu wa kweli wa kujifichia. Ni sifa juu ya sifa, kama malenga anavyomsifu chifu. Hakuna beti za vina. Hata kuita watu kwenye ibada alitumia wimbo: "Sele! Sele!", nao wanaitikia "Ahom, ahom".

NEEMA: Kengele ya mdomo! Sasa ulifikaje kwenye karatasi?

IDI: Wafuasi wake waliushika kichwani. Baadaye John Knox Bokwe, mzaliwa wa 1855, mtu wa kituo cha misheni cha Lovedale, akauandika kwa solfa, sauti nne.

NEEMA: Solfa hii hii ya d, r, m ya kwaya zetu?

IDI: Hiyo hiyo. Ni herufi tu na nukta pacha za kutenga mapigo, kwa hiyo mtambo unaochapa barua unachapa na wimbo. Ndiyo maana walimu wa shule za misheni waliidaka upesi, wakaanza kutunga wenyewe.

NEEMA: Lakini kuna kilichopotea, kaka.

IDI: Kipo. Wakhosa wana uhadi, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu. Mpigaji anaugonga uzi kwa kijiti. Ukiachwa wazi unatoa sauti moja, ukibanwa kwa kidole unatoa nyingine, toni moja juu. Mdomo wa kibuyu anausogeza kifuani na kuuondoa, na sauti nyembamba za juu zinajitokeza. Waimbaji wanajenga juu ya misingi hiyo miwili. Solfa ya kanisani inataka besi irudi nyumbani kwenye do, ikipitia fa na so.

NEEMA: Basi Bokwe aliubana wimbo kwenye kiatu cha mtu mwingine.

IDI: Hapo sikubali. Aliupa kwaya za watu wasiomjua Ntsikana, na maneno yakabaki ya Ntsikana.

NEEMA: Maneno, sawa. Besi je? Mimi bado nasema besi aliikopa.

IDI: Aliikopa, na hakuwa peke yake. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, mwaka 1897 alitunga wimbo ambao sisi tunauimba kama "Mungu ibariki Afrika". Besi yake ni ya kanisani kabisa.

NEEMA: Na hakuna anayeuona wa kigeni! Haya, tusikilize Ntsikana mara mbili, kwanza na uhadi, kisha kwaya. Msikilizaji, fuata sauti ya chini tu: ikipanda na kushuka toni moja, hapo ni upinde.