Homoni ya mimba inapopanda baada ya mimba zabibu

Ndugu zangu, nianzie pale ambapo wengi huona mambo yamekwisha: mama amesafishwa mimba zabibu, damu imekata, amerudi nyumbani. Kuanzia hapo anatakiwa kupimwa damu kila wiki, na sababu yake ni hii.

Mimba zabibu kamili haina mtoto. Ni tishu ya kondo la nyuma iliyojaa vijifuko vya maji, na kromosomu zake zote zimetoka kwa baba. Seli za tishu hiyo hutoa homoni ya mimba, ile inayoandikwa hCG kwenye majibu ya maabara. Kizazi kikishafyonzwa, homoni inapaswa kushuka mpaka chini ya yuniti 5 kwa lita. Lakini kwa wanawake kama 15 hadi 20 katika kila 100 waliopata mimba zabibu kamili, seli zilizojichimbia kwenye ukuta wa kizazi huendelea kukua, na dawa huhitajika.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 27. Baada ya kusafishwa, majibu yake ya kila wiki yalikuwa 6,200, kisha 1,150, kisha 640. Mpaka hapo ni vizuri. Wiki iliyofuata ikaja 820, halafu 1,060. Vipimo vitatu ndani ya wiki mbili, kila kimoja kimepanda zaidi ya asilimia 10: hicho ndicho kigezo cha kusema seli zilizobaki zinaendelea kukua. Namba zingeganda palepale kwa vipimo vinne katika wiki tatu, jibu lingekuwa lilelile. Kipimo cha mkojo cha dukani kisingemsaidia, maana huchora mistari miwili kwa 640 na kwa 1,060 vilevile.

Kabla ya kuita hali hiyo uvimbe, afanyiwe ultrasaundi, kwa kuwa mimba mpya nayo hupandisha homoni. Ndiyo maana tunasisitiza uzazi wa mpango kipindi chote cha kufuatilia. Vidonge vya kawaida vinafaa. Kukata kinyama cha kupima si lazima, na uvimbe huu una mishipa mingi ya damu, ukiuchokoza unaweza kumwaga damu vibaya.

Mama wetu akapigwa eksirei ya kifua, mapafu safi. Uvimbe kizazini ulikuwa sentimita 2.5. Hapo hujumlishwa alama: umri, mimba iliyotangulia, muda uliopita, kiwango cha homoni, ukubwa wa uvimbe, ulikosambaa na dawa zilizoshindwa. Yeye alipata alama 1, ya homoni kuvuka 1,000. Alama 0 hadi 6 ni hatari ndogo, na dawa moja hutosha kuanzia: methotrekseti.

Anachomwa miligramu 50 kwenye msuli Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Saa 30 baada ya kila sindano humeza asidi foliniki miligramu 15: sindano ya saa nne asubuhi Jumatatu, kidonge saa kumi jioni Jumanne. Methotrekseti huzuia seli kuitumia foleti, vitamini ya kundi B, kutengeneza DNA, na seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo huumia kwanza. Foliniki huziokoa seli za mdomo na uboho. Akichelewa kuimeza, vidonda vya mdomo humkatalisha kula. Na fefo zilizobaki kutoka kliniki aziache: zina asidi foliki, ambayo hudhoofisha dawa.

Mzunguko hurudiwa kila baada ya wiki mbili, baada ya kupima damu, figo na ini. Homoni yake ilikwenda 1,060, 310, 64, 11, kisha 2. Wengi hutaka kuacha hapo, na ni kosa kubwa. Kipimo hakioni chochote seli zikipungua kufikia kama 100,000, nazo zinatosha kuurudisha ugonjwa. Kwa hiyo huongezwa mizunguko mitatu baada ya homoni kuwa ya kawaida. Kwake jumla ikawa saba.

Kwa nini dawa huponya hapa wakati saratani nyingi hugoma? Seli hizi hugawanyika upesi sana, hivyo dawa huzikuta zikijenga DNA. Vinasaba vya baba huzifanya ngeni kwa kinga ya mama. Zaidi ya yote, homoni inatuonyesha kila wiki kama dawa inafanya kazi. Ikigoma kushuka, tunahamia aktinomaisini, na ikishindikana hiyo, mchanganyiko wa dawa tano. Walio kwenye hatari ndogo hupona karibu wote. Wenye alama 7 na kuendelea, zaidi ya 90 katika 100 wakitibiwa mahali penye uzoefu. Mwaka 1956, Min Chiu Li na Roy Hertz huko Marekani walitangaza methotrekseti kufuta uvimbe wa aina hii uliokwisha kusambaa.

Kizazi chake hakikuondolewa. Baada ya mzunguko wa mwisho atapimwa homoni kila mwezi kwa mwaka mmoja, ndipo ashike mimba nyingine, na mimba hiyo ifanyiwe ultrasaundi mapema.